2^x = x^2: wanafunzi wangu wawili wamesema majibu ni mawili, ila si mawili yale yale

Chaki_Nyeupe
Wakuu habari za jioni. Nafundisha tuisheni mtaani, hesabu za kidato cha tano na sita. Jana niliwapa vijana swali fupi: chora y = 2^x na y = x^2 kwenye mihimili ile ile, kisha sema mlinganyo 2^x = x^2 una majibu mangapi. Sikuwataka watafute majibu yenyewe, idadi tu.

Daftari la kwanza: mawili. La pili: mawili. Nilikuwa nishanyanyua kalamu nyekundu niweke vema kote, maana hata mimi kichwani nilikuwa na mawili, 2 na 4. Ndipo nikatazama michoro yenyewe. Binti kachora kwa penseli, mistari yake inakatana kwenye 2 na kwenye 4. Kijana kaangalia programu ya grafu kwenye simu halafu kanakili, na yake inakatana kwenye 2 na mahali pengine kushoto mwa sifuri, kama -0.8 hivi. Nne hana kabisa.

Sasa nani kakosea? Na mimi nimewafundisha nini miaka yote hii?

Mangi_wa_Duka
Mbona swali jepesi hilo. x^2 ni x mara x. Gawa pande zote kwa x, unabaki na 2 = x. Jibu moja. Ukimkumbuka na sifuri, mawili. Hao watoto wanajichosha na penseli bure.

Chaki_Nyeupe
Mangi, hapo umesoma 2x. Ni mbili kipeo x, x iko juu kule. Weka sifuri uone: 2^0 ni 1, si 0.

Mangi_wa_Duka
Aaa, nimeona sasa. Simu yangu ina kioo kimepasuka, ile alama imeangukia kwenye ufa. Nakaa pembeni nasoma.

Mama_Logi
Mwanangu Chaki, hili halihitaji karatasi ya grafu. Chukua logi pande zote mbili: x log 2 = 2 log x. Kushoto ni mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri. Kulia ni mstari wa logi, unaopinda upande mmoja tu, yaani kila unavyoenda kulia unazidi kulala. Mstari ulionyooka hauwezi kukata kitu kilichopinda upande mmoja zaidi ya mara mbili. Na mara mbili tunazijua, 2 na 4, maana 2^4 na 4^2 zote ni 16. Majibu ni mawili, binti yuko sahihi. Yule wa simu mwambie aache simu.

Maalim_Pwani
Shikamoo Mama Logi. Hoja yako ya mstari na mpindo nimeipenda, na nitaitumia. Lakini kuna jibu umelipoteza njiani, nalo ndilo alilolikuta yule kijana. Nitarudi hapo.

Chaki, wanafunzi wako wote wawili wameona kweli, na wote wawili hawakuona yote. Binti hakwenda kushoto. Kijana hakupanda juu. Majibu ni matatu.

Kabla ya kushika penseli, shika namba nzima na uulize jambo moja tu: hapa nani yuko juu?

```
 x    2^x    x^2    aliye juu
-2    0.25   4      x^2
-1    0.5    1      x^2
 0    1      0      2^x
 1    2      1      2^x
 2    4      4      sare
 3    8      9      x^2
 4    16     16     sare
 5    32     25     2^x
```

Soma safu ya mwisho kutoka juu kwenda chini. Parabola inaanza ikiwa juu. Ukifika sifuri imeshapitwa. Kwenye 2 wanalingana, kwenye 3 parabola iko mbele kwa 1 tu, kwenye 4 wanalingana tena, na kwenye 5 2^x imeshaondoka zake. Uongozi umebadilika mara tatu. Na kwa kuwa hakuna hata mstari mmoja kati ya hii miwili unaokatika au kuruka, aliye chini hawezi kutokea juu bila kukutana na mwenzake njiani. Ndiyo maana kuna makutano kati ya -1 na 0 hata kama hakuna namba nzima inayolionyesha.

Wengi wakichora huanza kwenye sifuri kwenda kulia kwa sababu 2^x upande wa kushoto inaonekana haina kazi, imelala tu karibu na mhimili wa x. Lakini parabola upande huo inapanda. Mmoja kalala, mwingine anapanda kutoka chini yake. Lazima wagongane.

Fundi_Ramani
Mimi si mtu wa hesabu za darasani, nachora ramani za nyumba, ila hapa naona tatizo la skeli na hilo nalijua vizuri. Maalim anasema kwenye 3 tofauti ni 1. Juu mnafika 32. Mtoto akitaka mchoro utoshe nusu ukurasa ataweka sentimita 1 kwa kila 5. Basi hiyo 1 inakuwa milimita 2. Penseli laini iliyochongwa vibaya inachukua karibu milimita moja, na mistari ipo miwili. Nafasi inakwisha. Macho yataona mistari miwili inayotembea pamoja kutoka 2 mpaka 4 kama reli.

Upande wa kushoto ni mbaya zaidi. Kwenye -1 tofauti ni nusu, sawa na milimita 1. Hapo unachora kwa imani.

Nilishawahi kupewa ramani yenye kosa la namna hiyo. Kuta mbili zimechorwa kama moja kwa sababu ya skeli, na mafundi wakajenga moja.

Chaki_Nyeupe
Fundi umenigusa. Nimetazama tena daftari la binti: kati ya 2 na 4 kachora mistari imegandana kabisa. Nikimuuliza parabola iko juu au chini kwenye 3, mchoro wake haujibu. Kaweka nukta kwenye 2 na 4 kwa sababu jedwali lake lilimwambia zinalingana, si kwa sababu ameona zinakatana. Na jedwali lake limeanzia 0.

Basi skeli ipi inafaa?

Fundi_Ramani
Kwa karatasi ya A4, mhimili wa x kutoka -2 hadi 5 weka sentimita 2 kwa kila 1, jumla sentimita 14. Mhimili wa y sentimita 1 kwa kila 2, ukifika 32 ni sentimita 16. Hapo ile tofauti ya kwenye 3 inakuwa milimita 5, inaonekana bila miwani. Kwenye -1 unapata milimita 2 na nusu, inatosha ukichonga penseli.

Ila mimi ningechora vipande viwili. Kimoja cha kushoto, -2 hadi 1, y isizidi 4, kikubwa. Kingine cha kulia. Kwenye ramani tunafanya hivyo kila siku, jengo zima kwa skeli ndogo na kona ngumu kwa skeli kubwa.

Kijana_PCM
Samahani wakuu, mimi ndiye wa simu. Sir amenitumia uzi huu. Nataka kujitetea kidogo. Programu ikifunguka y inaishia 10. Kwenye 2 niliona yamekatana, halafu yote mawili yakatoka juu ya kioo yakiwa yamekaribiana sana, parabola ikiwa juu. Nikadhani yanaachana huko huko. 4 iko kwenye urefu wa 16, sikusogeza.

Ila swali: nikisogeza hadi 16 nitaona ya tatu. Nikisogeza hadi 1000 si naweza kuona ya nne? Nitajuaje pa kuacha?

Maalim_Pwani
Kijana, hilo ndilo swali zuri kuliko yote hapa. Jedwali langu limeonyesha kwamba majibu hayapungui matatu. Halijaonyesha kwamba hayazidi. Kwa hilo macho hayatoshi, hata ukiwa na kioo cha ukubwa wa ukuta.

Anza kushoto kwa sababu ni rahisi. Simama kwenye sifuri na utembee kwenda kushoto. 2^x inaanza 1 na inashuka tu, haipandi kamwe. x^2 inaanza 0 na inapanda tu, haishuki kamwe. Anayeshuka na anayepanda wanakutana mara moja, kisha wanaachana moja kwa moja. Hivyo kushoto kuna jibu moja, halizidi.

Kulia sasa namwachia Mama Logi, maana hoja yake ya mstari na mpindo inatosha kabisa kwa x iliyo kubwa kuliko sifuri. Hapo ni mawili, hayazidi. Moja na mawili ni matatu. Nikiwa darasani ningetaka mtoto aandike hayo mambo mawili chini ya mchoro, mistari mitatu tu.

Mama_Logi
Marahaba Maalim. Nimekaa nikaitafakari na nimeona nilipoteleza. Nimeandika log ya x^2 kuwa 2 log x kwa mazoea ya mkono. Hiyo ni kweli x ikiwa chanya tu. x^2 yenyewe ni chanya hata x ikiwa hasi, kwa hiyo logi yake ipo, lakini log x haipo. Nilipoandika ule mstari nilikuwa nimefunga mlango wa kushoto bila kujua kwamba kuna mtu ndani.

Sahihi ni 2 log |x|. Ukiichora hiyo unapata matawi mawili yanayotazamana kama kioo, moja kulia na moja kushoto ya sifuri. Ule mstari ulionyooka, x log 2, unapita katikati ukipanda kwenda kulia. Tawi la kulia unalikata mara mbili. Tawi la kushoto linashuka wakati mstari unapanda, basi unalikata mara moja. Matatu yote yako kwenye picha moja, na sasa huhitaji kufika urefu wa 16 wala 32, maana logi zinabana kila kitu. Ukitumia logi ya kawaida, kwenye 4 urefu ni 1.2 tu.

Kijana, niwie radhi kwa ile ya kuacha simu.

Kijana_PCM
Hamna shida mama. Ila nimejaribu kuhakikisha ile ya kushoto kwa kalkuleta na inanichanganya. 2^-0.77 inanipa 0.5864. Halafu -0.77^2 inanipa -0.5929. Hasi! Sasa zinakutanaje wakati moja iko juu ya mhimili na nyingine chini?

Chaki_Nyeupe
Mabano, kijana. Kalkuleta inapandisha 0.77 kipeo cha pili kwanza, halafu inabandika hasi mbele. Andika (-0.77)^2 utapata 0.5929. Ukiona parabola imeshuka chini ya mhimili wa x ujue umekosea kuandika, maana x^2 haijawahi kuwa hasi.

Kijana_PCM
Sawa sir, imekubali. 0.5864 na 0.5929, parabola bado iko juu kidogo. Kwa hiyo jibu liko kulia kidogo ya -0.77.

Maalim_Pwani
Vizuri. Ukitaka kulisogelea haraka, fanya hivi. x ni hasi, kwa hiyo ukichukua kipeo cha nusu pande zote unapata x = -2^(x/2), na alama ya hasi lazima uiweke mwenyewe. Anza na -1, weka kulia, ukipata jibu lirudishe tena kulia, endelea hivyo. Mimi nimepata:

```
-1
-0.7071
-0.7827
-0.7624
-0.7678
-0.7664
-0.7667
```

Angalia inavyoyumba huku na huku, ikipita jibu kila hatua lakini kwa pungufu. Hiyo ni raha kwa mkokotoaji, kwa sababu kila namba mbili zinazofuatana zimelibana jibu katikati. Ila kwa njia hii hutapata 2 wala 4, ule mlinganyo wenye hasi mbele hauwajui hao.

Dada_wa_Sehemu
Naingia nimechelewa. Nimeendelea na hatua za Maalim na kalkuleta yangu inaganda kwenye -0.76666. Hizo sita si ni za kujirudia? -0.7666... ni -23/30. Basi tuandike jibu kamili, -23/30, tuache makadirio. Napenda sehemu kuliko desimali.

Maalim_Pwani
Dada, mtego huo ni mtamu na nimewahi kuingia mwenyewe. Usiishie kwenye tarakimu tano. Weka -23/30 pande zote:

x^2 = 529/900 = 0.587778
2^(-23/30) = 0.587774

Zinaachana kwenye tarakimu ya sita ya desimali. Jibu lenyewe ni -0.7666647 kwa tarakimu saba, na sita hazijirudii, zimejipanga tu kwa bahati ili zikuchezee.

Na hakuna sehemu yoyote itakayokubali. Chukua sehemu hasi -p/q iliyorahisishwa hadi mwisho, iweke, ondoa vipeo vya sehemu, unabaki na q^(2q) = 2^p mara p^(2q). Kwa kuwa p na q hazina kigawe cha pamoja, p lazima iwe 1. Basi q^(2q) = 2. Jaribu q = 1, unapata 1. Jaribu q = 2, unapata 16. Mbili imerukwa.

Dada_wa_Sehemu
Imeniuma lakini nimekubali. Basi labda ni kipeo cha nusu cha kitu fulani? Kama mizizi ya pili tunayoandika kila siku.

Maalim_Pwani
Nayo haiwezekani, ila uthibitisho wake si wa kuandika kwa kidole kwenye simu. Unatoka kwenye kazi ya Gelfond na Schneider ya mwaka 1934, kila mmoja peke yake: ukichukua 2 ukaipandisha kwa kipeo kinachotokana na mlinganyo wa kawaida wa x, x^2, x^3 wenye namba nzima, na kipeo hicho si sehemu, basi unachopata hakiwezi kutoka kwenye mlinganyo wa aina hiyo. Lakini hapa 2^x inatakiwa ilingane na x^2, ambayo ingetoka. Zinagongana. Kwa hiyo lile jibu la kushoto halina umbo la mizizi hata kidogo.

Ajabu yake ndiyo hiyo. Majibu mawili ya kulia ni namba za mtoto wa darasa la pili, 2 na 4. Daniel Bernoulli alimwandikia Goldbach mwaka 1728 kuhusu a^b = b^a, na kwa namba nzima chanya zisizolingana jozi ni hiyo moja tu. La kushoto limejificha, na mchoro ndio unaokwambia lipo kabla hujaweza kuliandika.

Mangi_wa_Duka
Bado niko pembeni, nimeelewa ile ya nani yuko juu. Naona kama daladala mbili zinapitana barabarani. Ila nina wasiwasi: mbele huko, kwenye 50, kwenye 100, parabola haiwezi kushika tena mafuta ikampita?

Chaki_Nyeupe
Hii naiweza Mangi. Kila ukisogea hatua moja, 2^x inazidishwa kwa 2, daima. x^2 kutoka 4 hadi 5 inatoka 16 kwenda 25, hata mara 1.6 haifiki. Kutoka 10 kwenda 11 ni 100 kwenda 121, mara 1.21. Inazidi kuchoka. Kwenye 10 tayari ni 1024 dhidi ya 100.

Sasa nina shida ya alama. Swali lilikuwa na alama 4: mbili za mchoro, mbili za idadi. Binti ana mchoro safi wa kulia. Kijana ana makutano ya kushoto ambayo hata mimi sikuwa nayo. Wote idadi wamekosa.

Mama_Logi
Wote wape 1 ya mchoro, idadi sifuri. Swali liliuliza mangapi, jibu ni matatu.

Fundi_Ramani
Mimi ningempa kijana 2 za mchoro. Mchoro wake ni sahihi kwa eneo alilochora, na sir hakusema mchoro uanzie wapi uishie wapi. Kosa la kutosema mipaka ni la mtoa kazi, hata site ni hivyo hivyo.

Mama_Logi
Hapana Fundi. Kuchagua eneo ndiyo kazi yenyewe. Ukimpa mipaka ya -2 hadi 5 umeshamfanyia nusu ya swali.

Maalim_Pwani
Hapo sikubaliani na yeyote kikamilifu. Mtihani ukisema "chora" bila mipaka, mwanafunzi akaandika "matatu" bila neno lolote, mimi simpi zote. Anaweza kuwa amebahatisha, au ameona kwenye kioo. Lakini nawajua walimu wazuri wanaompa.

Chaki_Nyeupe
Nitalala nalo. Nikilirudia swali, sijaamua niweke mipaka au nisiweke.

Kijana_PCM
Wakuu, la mwisho. Nimejaribu ndugu yake, 3^x = x^3. Kushoto x^3 ni hasi na 3^x ni chanya, kwa hiyo hakuna kitu. Kwenye sifuri 1 dhidi ya 0. Kwenye 2 ni 9 dhidi ya 8, 3^x iko juu. Kwenye 3 ni sare, 27. Kwenye 4 ni 81 dhidi ya 64, 3^x iko juu tena. Kwenye grafu naona imegusa tu kwenye 3 na kuendelea. Niandike jibu moja?

Maalim_Pwani
Usiandike bado. Jaribu 2.9.

Kijana_PCM
3^2.9 = 24.19. 2.9^3 = 24.39. Eh! x^3 iko juu. Kwa hiyo haikugusa, imekatiza. Na kwenye 2 ilikuwa chini. Basi kuna makutano mengine kati ya 2 na 2.9 na kwenye kioo sioni chochote, mistari miwili ni mmoja.

Fundi_Ramani
Nyie watu. Hiyo tofauti ya 0.2 kwenye urefu wa 24, kwa skeli ya sentimita 1 kwa 2, ni milimita moja. Hakuna penseli itakayoionyesha hiyo.

Kijana_PCM
Nimejaribu 2.5: 15.59 dhidi ya 15.63. Bado x^3 iko juu, kwa uzi mwembamba. Basi iko kabla ya 2.5 kidogo. Chaji imebaki asilimia 3, naendelea kesho asubuhi.